Barakoa ya leya kwenye GIMP: jinsi nilivyoondoa ukungu mwekundu

Nilikuwa na picha ya mtoto wa dada yangu, gauni jekundu, amesimama mbele ya ukuta wa majani. Nilitaka yeye awe kama katuni, nyuma yake kulainike kama rangi za maji. Nimetumia GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, kwa kazi hiyo, na kwa jambo hili imenitosha.

Nilinakili picha ikawa leya mbili, yaani tabaka mbili zilizopandana. Ya juu niliiwekea barakoa, kifuniko kinachoamua sehemu gani ya leya ionekane, nyeusi yote, kisha nikapaka nyeupe juu ya mtoto, kwa sababu penye nyeupe huonekana na penye nyeusi hufichika. Mara mbili nilijikuta napaka nyeupe usoni kwenye picha yenyewe, maana nilisahau kubofya kijipicha cha barakoa kwanza. Nilipomaliza, niliweka leya ya waridi kali katikati ya hizo mbili. Hapo ndipo matundu yalipojitokeza: moja kwapani, jingine kati ya vidole. Bila ile rangi nisingeyaona kabisa.

Leya ya juu niliipitisha kwenye kichujio cha `Cartoon`, nikafuta ile waridi, kisha ya chini nikaipa kichujio cha kulainisha, `Gaussian Blur`, chenye ukubwa wa 20. Matokeo? Ukungu mwekundu ulimzunguka mtoto mzima, kama anatoa mwanga. Nikadhani barakoa imekaa vibaya, nikahangaika na kingo zake karibu saa nzima. Kumbe barakoa haikuwa na kosa. Leya ya chini bado ilikuwa na mtoto ndani yake, na kichujio hakijui kwamba kuna barakoa huko juu. Kinachanganya kila pikseli na jirani zake, kwa hiyo wekundu wa gauni ulivuja kwenye majani.

Dawa ni kumfuta mtoto kwenye leya ya chini kabla ya kuilainisha. Nilirudi nyuma, nikachukua zana ya `Clone`, nikafunika mwili wake kwa majani ya pembeni. Si lazima pawe safi, kwani patafunikwa na mtoto wa leya ya juu. Muhimu ni ukanda wa kuanzia kwenye ukingo kwenda ndani, na upana wake uwe kama mara tatu ya ukubwa wa `Gaussian Blur`, yaani kwa 20 nilifuta pikseli 60. Nilipoweka `Gaussian Blur` tena, wekundu ukatoweka.

Nywele ndizo zilizonishinda nusu. Kati ya nyuzi kulikuwa na kijani cha majani, na barakoa haiwezi kukitoa, kwa sababu kimo ndani ya pikseli zilezile za nywele. Nilipojaribu kuigeuza nyuma iwe ya samawati, kijani kile kilibaki kama ukoko. Nilipaka kijivu kwenye barakoa pale ncha zinapoishia, kijani kikapungua tu. Mwishowe nikairudisha nyuma kwenye kijani chake, na dada ameipokea hivyo hivyo.