Uzoefu wangu: tangazo la maji lililosomwa na mgeni wa Maskati na mgeni wa Orani

Nasimamia mapokezi ya nyumba ya wageni yenye vyumba tisa, Mji Mkongwe, Unguja. Wageni wetu Waarabu walizoea kutoka Omani. Wengi wana ndugu hapa, na Kiswahili wanakifahamu. Agosti 2025 ikaja CHAN, na robo fainali ya Sudan na Aljeria ikachezwa Amaan tarehe 23. Tukapokea Waaljeria vyumba vinne, na juu yao familia ya Maskati.

Wiki hiyo bomba la tangi likawa linavuja. Nikaandika tangazo la Kiswahili kwa mkono, nikalipiga picha, nikamtumia mfasiri niliyeelekezwa na mtu. Simtaji jina, ila alichonirudishia nitakieleza, kwa sababu ndicho kilichonifikisha kwenye huduma ninayoisifu leo.

Mimi niliandika kwamba maji yatakatika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Yeye akahamisha tarakimu kama zilivyo. Kwa Mwarabu yeyote, saa 2 asubuhi ni usiku wa manane, na saa 10 jioni ni baada ya Isha. Saa nane za maji kukatika zikawa saa ishirini. Waaljeria wakajaza ndoo, majagi na hata beseni la kufulia, na alfajiri tangi lilikuwa tupu kabla fundi hajafika. Familia ya Maskati haikushtuka, maana mama yao alilisoma la Kiswahili lililokuwa kando.

Choo nako palikuwa na mkasa. Tangazo liliwaomba wageni watumie choo cha chini, na mfasiri aliandika "hammam". Ghuba nzima neno hilo ni choo. Aljeria na Moroko hammam ni nyumba ya kuogea kwa maji moto na mvuke, unalipa mlangoni. Kijana mmoja wa Orani, mji wa magharibi ya Aljeria, alishuka na taulo begani na sabuni mkononi, akaniuliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Januari 2026 ikabidi tusafishe tangi, na safari hii kulikuwa na wageni wa Omani na wa Moroko. Nikaenda kwa huduma nyingine, ya mwanamama wa hapahapa Unguja aliyesoma Ghuba na kufanya kazi miaka kadhaa Kasablanka. Watu wote humwita Maalim. Anatoza shilingi 20,000 kwa tangazo la ukurasa mmoja, na anapokea picha kwa simu.

Kabla ya kutafsiri alinipigia. "Kaka, hii hapa chini ni nane au tatu? Umeifuta ukaandika juu yake. Na mstari wa mwisho umekatwa na kidole chako." Akanitaka nibandike karatasi ukutani, nisimame mbele yake sawasawa, nizime taa ya simu kwa sababu inang'arisha wino, kisha nipige picha ya pili ya mstari wa mwisho peke yake. Swali lake la pili lilikuwa hili: "Saa 2 hii ni ya Kiswahili, sivyo?" Hapo nikajua pesa yangu haipotei.

Aliponirudishia kazi alinieleza neno kwa neno kwa nini kachagua alichochagua.

Tarehe hakuiandika kwa jina la mwezi. Januari ya Omani na Moroko ni "yanayir", lakini Aljeria na Tunisia ni "janfi", kutoka Kifaransa. Agosti ni mbaya zaidi: Ghuba "aghustus", Moroko "ghusht", Aljeria "ut". Kwa hiyo aliandika siku, "as-sabt", ambayo ni Jumamosi kwa Waarabu wote, kisha 24/1/2026, siku ikitangulia mwezi. Tarakimu alitumia hizi zetu. Zile za Kiarabu cha mashariki, ambazo Omani wanazisoma tangu utotoni, tano yake ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sifuri yake ni nukta. Mmoroko huziona kwenye televisheni, ila shuleni na dukani kwao wanatumia hizi zetu, na Mwomani naye anazisoma bila shida.

Muda aliuandika "min 8:00 sabahan ila 4:00 masaan", yaani kutoka hadi, na kwenye mabano akaweka 16:00 kwa waliozoea saa za Kifaransa. Nilimuuliza kwa nini asiweke kistari tu kati ya nyakati hizo mbili. Akanionyesha kwenye simu yake: Kiarabu kinakwenda kulia kwenda kushoto, na kistari kikiingia kati ya tarakimu programu nyingine hupindua mpangilio, msomaji akaona maji yanakatika saa kumi jioni na kurudi asubuhi.

Choo alikiita "dauratul-miyah", na pembeni akaweka herufi WC. Hilo la kwanza ndilo linaloandikwa kwenye vibao vya Ghuba, na ni Kiarabu cha shule, kwa hiyo Mmoroko analielewa. Kwao mtaani wanasema "bit l-ma", na kwenye vibao "marahidh". Nilipendekeza tuweke "marahidh" peke yake. Akakataa: Mwomani ataelewa, lakini ni neno kavu kwa mgeni aliyelipia chumba. WC inamaliza ubishi.

Nililolipenda kuliko yote ni mstari wa mwisho. Mimi niliandika "Mungu awape afya", na mfasiri wa kwanza alikuwa ameuandika "Allah yaatikumul-afia". Kwa Kiswahili na kwa Ghuba ni dua nzuri, na afya yetu ni neno hilohilo. Moroko na magharibi ya Aljeria, katika maneno ya kila siku, "l-afia" ni moto. Vijana wale wa Orani walikuwa wamepiga picha ubao wetu na mimi nikadhani wanasifu mwandiko. Maana ya kitabuni wanaijua, lakini ukutani, chini ya habari ya maji kukatika, kuambiwa Mungu akupe moto si heshima. Maalim aliweka "shukran li-tafahhumikum", ahsanteni kwa kutuelewa, ambayo haina maana ya pili popote.

Sasa lawama. Maandishi yaliletwa kama ujumbe wa simu tu. Nilipoyabandika kwenye programu ya kutengenezea matangazo ya mchapishaji wetu, ya zamani kidogo, herufi ziliachana, kila moja imesimama peke yake, na mstari ukaanzia kushoto. Asiyejua Kiarabu anaweza kuligundua hilo kwa jicho tu: Kiarabu kilichochapwa huunganishwa, ukikuta kila herufi imejitenga usichape. Nilimwambia, akaniletea picha iliyo tayari kwa kuchapa, bila kuongeza bei. Ingefaa iwe hivyo tangu mwanzo. Pia hakuweka Kifaransa, na Wamoroko wengine hukisoma upesi kuliko Kiarabu. Hiyo anatoza kando.

Jumamosi ile mama mmoja wa Salala na wanandoa wa Rabati walisimama mbele ya tangazo kwa zamu. Hakuna aliyekuja kuuliza saa, wala aliyeshuka na taulo. Saa 10 jioni maji yalirudi.

Kazi inayofuata nimeshampelekea: kibao cha kuvua viatu mlangoni. Amenijibu kwamba "juti" la Ghuba halitafika Rabati na "sabbat" la Rabati halitafika Salala, kwa hiyo ataandika "ahdhia" na kuchora kiatu pembeni.