Kuruka akaunti ya mtengenezaji kwenye televisheni janja: uzoefu wangu

Televisheni tuliyonunua nyumbani ni ya inchi 43, inatumia mfumo wa mtengenezaji wake mwenyewe na si Google TV. Sitaeleza hapa ubora wa picha wala wa sauti yake, kwa sababu nilichotaka kukiandikia ni skrini moja inayotokea siku ya kwanza unapoiwasha, ile inayokutaka ufungue akaunti ya mtengenezaji kabla hujaendelea. Niliiruka kwa makusudi, nikaitumia televisheni bila akaunti kwa muda wa kutosha, kisha nikafungua akaunti pale ilipohitajika. Kwa hiyo ninachokieleza nimekiona kwa pande zote mbili.

Maandalizi ya kwanza huenda kwa utaratibu unaofanana kwenye televisheni nyingi. Unachagua lugha, unachagua nchi, unaunganisha waifai, unasoma na kukubali masharti, kisha ndipo unaombwa akaunti, na mwisho televisheni inatafuta chaneli za antena. Kwenye skrini ya akaunti huwa kuna msimbo wa QR wa kusoma kwa simu, sehemu ya kuandika barua pepe kwa rimoti, na mahali fulani pembeni au chini, kwa maandishi madogo kuliko mengine, neno Skip. Kwa kuwa kitufe kinachong'aa ni kile cha kuingia, watu wengi hudhani kwamba bila akaunti televisheni haitawaka, au kwamba akaunti hiyo ni ya kulipia kama ya Netflix. Akaunti ya mtengenezaji ni ya bure, ni tofauti kabisa na akaunti ya Netflix au ya YouTube, na kwenye televisheni kama yangu unaweza kuiruka na kuirudia siku yoyote.

Baada ya kuiruka, nilikuta kwamba mambo mengi tuliyonunulia televisheni yanafanya kazi bila kudai chochote. Chaneli za antena zilipatikana, kisimbuzi kilichochomekwa kwenye tundu la HDMI kikaonyesha kama kawaida, flashi ya USB ikacheza video, na simu ikarusha picha zake kwenye skrini kwa waifai. YouTube na Netflix zilikuja zikiwa zimeshawekwa kiwandani, zikafunguka, kila moja ikitaka akaunti yake yenyewe tu. Hata maboresho ya mfumo wa televisheni yalishuka kwa njia ya mtandao kama kawaida, jambo ambalo nilikuwa na wasiwasi nalo zaidi kuliko mengine, kwa sababu televisheni isiyopata maboresho huzeeka kabla ya wakati wake. Kwa nyumba inayotazama taarifa ya habari, mpira wa kisimbuzi na YouTube, mtu anaweza kukaa miaka bila kuikumbuka akaunti hiyo.

Gharama ya kuruka ilijitokeza pale binti yangu alipotaka programu ya muziki ambayo haikuwa miongoni mwa zile za kiwandani. Duka la programu lilifunguka, programu ikaonekana na picha yake na maelezo yake, lakini alipobonyeza Install, badala ya kuanza kushuka, ikatokea skrini ya kuingia kwenye akaunti. Hapo hakuna mlango wa nyuma: kwenye LG na kwenye Samsung vilevile, programu mpya haiingii mpaka uwe na akaunti ya kampuni husika. Jambo la pili tulilolikosa ni kuiendesha televisheni kwa programu ya simu ya mtengenezaji, ambayo nayo hutaka akaunti hiyohiyo. Kwetu hilo lilikuwa dogo, lakini aliyepoteza rimoti atalihisi.

Basi nikafungua akaunti wakati huo. Ninashauri kutumia msimbo wa QR na kuachana na rimoti kabisa, kwa kuwa kuandika barua pepe na nywila herufi kwa herufi kwenye skrini ni kazi ya kuchosha, na herufi moja ikikosewa unarudia mwanzo. Simu ilifungua ukurasa wa kujisajili, nikaandika barua pepe, nywila na tarehe ya kuzaliwa, kisha nikasubiri ujumbe wa uthibitisho. Ujumbe wenyewe uliingia kwenye kabrasha la taka, kwa hiyo asiyeuona asikimbilie kujisajili upya kwa barua pepe nyingine. Hawakuniomba kadi ya benki, na programu ya bure iliwekwa bila kadi. Nilitumia barua pepe ya pembeni ambayo siitumii kwa benki wala kazini, na nchi niliyochagua ilikuwa ileile iliyopo kwenye mipangilio ya televisheni. Hili la nchi ni la kuzingatia kwa wale ambao televisheni zao zimeletwa na ndugu kutoka Dubai au Maskati, kwa kuwa zinaweza kuwa zimewekwa nchi nyingine, na orodha ya programu zinazopatikana dukani hufuata nchi. Ni vizuri kulitazama hilo kabla ya kujisajili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wanaoruka akaunti hufanya hivyo ili kampuni isijue wanatazama nini. Shemeji yangu alikuwepo siku ya maandalizi, akaniambia, "Ukiruka hapo, shemeji, hawana njia ya kukujua." Nia yake ni njema na ninaiheshimu, lakini ulinzi anaoutafuta haupo kwenye skrini ile. Upo kwenye skrini iliyotangulia, ile ya masharti, ambayo wengi huipita kwa kubonyeza kukubali yote ili wafike haraka kwenye picha.

Televisheni janja nyingi zina uwezo wa kutambua kinachoonyeshwa. Mfumo huchukua vipande vidogo vya picha au sauti kutoka kwenye skrini, hutengeneza alama fupi ya kipande hicho, hutuma alama hiyo kwa njia ya mtandao, na kule hulinganishwa na hazina ya vipindi vinavyojulikana. Kazi hiyo haihitaji jina lako wala akaunti yako, kwa kuwa televisheni ina namba zake za utambulisho na mtandao wa nyumbani una anwani yake ya IP. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey, kuhusu televisheni milioni 11 zilizokusanya taarifa za utazamaji sekunde kwa sekunde bila ridhaa ya wenye nazo. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya London, California na Madrid walipima data inayotoka kwenye televisheni za LG na Samsung, wakakuta kwamba kuingia au kutoingia kwenye akaunti hakubadilishi sana utumaji huo. Walikuta pia kwamba utambuzi unaweza kuendelea hata televisheni inapotumika kama skrini tu ya kifaa kilichochomekwa kwenye HDMI, na kwamba ukikataa kwenye mipangilio, utumaji wenyewe unakoma.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yenye manufaa kwetu. Anayeruka akaunti huku amekubali masharti yote amejinyima programu, na bado taarifa zake za utazamaji zinaweza kuondoka. Aliyefungua akaunti huku akikataa vipengele vya hiari amepata programu na amefunga njia kubwa ya taarifa hizo. Kwa hiyo kwenye skrini ya masharti usibonyeze Select All. Tafuta vipengele kimoja kimoja: masharti ya matumizi na sera ya faragha huwa ni ya lazima ukitaka huduma za mtandao, lakini taarifa za utazamaji, taarifa za sauti na matangazo yanayolingana na unachopenda huwa ni vya hiari, na unaweza kuviacha bila alama ya tiki kisha ukaendelea.

Aliyekwisha kukubali hajachelewa. Kwenye LG kipengele cha kutambua vipindi huitwa Live Plus, na kwenye matoleo ya karibuni kinapatikana kwa kupita General, System, kisha Additional Settings. Kwenye Samsung huitwa Viewing Information Services, na kipo ndani ya masharti na faragha. Nilipomaliza kufungua akaunti nilirudi kukagua vipengele hivi upya, kwa kuwa kujisajili huleta kurasa nyingine za kukubali, na sikutaka ridhaa niliyoinyima mwanzo iingie kupitia mlango wa pili. Hakikisha unavitazama tena pia kila baada ya kurejesha televisheni katika hali ya kiwandani, kwa sababu maswali yote huulizwa upya.

Mwenye Google TV asichukue uzoefu wangu kama ulivyo. Kule akaunti inayoombwa ni ya Google, na ukichagua njia ya televisheni ya kawaida, ile iitwayo Basic TV, unabaki na antena na vifaa vya HDMI tu, bila programu hata zile za kiwandani. Gharama ya kuruka ni kubwa zaidi, na ni vyema kuijua kabla ya kulipa dukani.

Kuna hali moja ambayo naiona ni mbaya kuliko kuruka, nayo ni kuwekewa akaunti ya mtu mwingine. Jirani yetu, mzee mstaafu, alimwachia fundi aliyekuja kutundika televisheni ukutani afanye maandalizi yote, na fundi, kwa nia ya kumrahisishia kazi, akaingia kwa barua pepe yake mwenyewe. Hakuna aliyegundua mpaka mzee alipohitaji programu nyingine na televisheni ikataka nywila, ambayo hakuwa nayo, na fundi hakuwa akipokea simu. Kujua ni rahisi: fungua alama ya mtu kwenye ukurasa wa mwanzo, au sehemu ya akaunti ndani ya mipangilio, utaona barua pepe iliyoingia. Ikiwa si yako, chagua kutoka, kisha ingia na yako. Kwake mzee tulichagua kurejesha televisheni katika hali ya kiwandani, kwa sababu hatukujua fundi alikubali nini kwenye masharti, na tukaanza upya naye akiwa ameshika rimoti. Tulipofika kwenye masharti nilimwambia, "Mzee, hapa tusome kwanza," akavaa miwani, akaacha vipengele vitatu bila tiki, na akaunti akaifungua kwa barua pepe yake kupitia simu ya mjukuu. Nywila aliiandika ndani ya jalada la kitabu cha maelekezo, kilichomo kwenye boksi la televisheni juu ya kabati.