Kibodi ya 25,000 na vipande vya kandambili

Kibodi hii ya waya nimeinunua hapa Mwanza mjini kwa shilingi 25,000, na ndiyo ninayoshinda nayo nikiingiza uzito wa sangara. Vitufe vyake ni laini na namba za kulia zinagonga vizuri. La kuzungumzia hasa ni ile miguu miwili ya nyuma.

Ukiikunjua, nyuma inanyanyuka kama sentimita 1. Anayechungulia herufi anafaidika, lakini mgongo wa kiganja unainuka na kifundo cha mkono kinakunjika kwa juu. Kadiri kinavyokunjika hivyo, ndivyo neva inayopita kwenye kifundo kwenda vidoleni inavyozidi kubanwa. Mimi jioni nilikuwa nahisi ganzi kwenye kidole gumba na cha shahada.

Nikachukua rula. Kiti changu kiko juu, kwa hiyo nikichapa kifundo kiko sentimita 3 chini ya kiwiko. Kutoka kiwiko hadi kifundo ni sentimita 25, maana yake mkono unateremka takriban nyuzi 7. Kibodi ina upana wa sentimita 13, hivyo miguu inaipandisha nyuzi 4 na ushee. Mkono unashuka, kibodi inapanda: jumla nyuzi 11, na bado hujahesabu mwinamo wa kibodi yenyewe.

Kukunja miguu kulipunguza zile 4 tu. Zile 7 zilitaka kibodi iinamie upande wa pili, ukingo wa mbele uwe juu kuliko wa nyuma. Nikakata soli ya kandambili kuukuu (hazikosekani nyumba yoyote), vipande vya unene wa sentimita 1.5, nikavibandika chini ya ukingo wa mbele. Sasa inateremka sambamba na mkono, na raba haitelezi. Ganzi ya jioni imepungua sana, ingawa mwenye ganzi inayomwamsha usiku aende hospitali, asihangaike na kandambili.

Kupima ni rahisi. Ukiwa unachapa, mwombe mwenzako alaze rula kutoka kwenye vifundo vya vidole hadi mgongo wa mkono. Ikiacha uwazi juu ya kifundo, umekikunja kwa juu. Ikibembea juu ya kifundo, umekikunja kwa chini.

Hilo la pili ndilo lililomkuta dada wa meza ya jirani alipoiga. Kiti chake ni kifupi, mikono yake inapanda kuifuata meza, kwa hiyo mteremko wangu ulimkunja kwa chini. Nilimwambia, "Dada, toa raba, tafuta mto wa kukalia kwanza." Aliponyanyuka, kibodi ikiwa bapa ilimtosha.

Kasoro niliyoiona ni moja: mstari wa namba za juu unajificha, na asiyezoea vitufe atakosea. Kibodi naipa nne kwa tano. Miguu yake sijaigusa tena.