Airish kofi ya Buena Vista, San Francisco: krimu inayoelea kweli (uzoefu wangu)

Nimekunywa Airish kofi, yaani kahawa ya moto yenye wiski na sukari na krimu juu yake, katika hoteli kadhaa, Nairobi na kwingineko, na karibu kila mara iliyoniangusha ni krimu. Ama ilikuwa imekwisha kuzama kabla glasi haijafika mezani, kahawa ikawa na rangi ya maji ya mto wakati wa masika, ama ilikuwa donge gumu lililopulizwa kutoka kwenye kopo, nikalazimika kulila kwa kijiko kabla ya kuifikia kahawa. Wiski yenyewe mara nyingi haikuwa na tatizo. Ndiyo maana nilipohamia ng'ambo ya ghuba, upande wa Oakland, nilitaka sana kufika Buena Vista, na sasa huwapeleka huko wageni wangu wote wanaotumia kinywaji.

Baa hii iko kwenye kona ya mitaa ya Hyde na Beach, pale zinapogeuzia zile tramu za zamani zinazovutwa kwa kebo. Watu wa nyumbani hudhani Kalifonia yote ni jua. Njooni San Francisco mwezi wa Julai, ukungu ukiingia kutoka baharini na upepo ukipenya hadi mifupani, mtaelewa kwa nini kinywaji cha moto kinauzika hapa hata kiangazi. Ukifika, usiende mezani. Subiri nafasi kwenye kaunta, kwa sababu nusu ya thamani ya kinywaji hiki ni kuona kinavyotengenezwa.

Mhudumu hupanga glasi ndogo zenye shina katika mstari mmoja, kila moja ikiwa na ujazo wa mililita 175 hivi, kisha huzijaza maji ya moto. Hiyo si mbwembwe. Glasi baridi ingenyonya joto la kahawa mara moja, na kwa kuwa wiski pia ni baridi, ungepewa kinywaji cha uvuguvugu. Maji yakimwagwa, vinatumbukizwa vipande viwili vya sukari katika kila glasi, inamiminwa kahawa nyeusi, na inakorogwa mpaka sukari iyeyuke yote. Kisha chupa ya wiski ya Kiayalandi, hapa hutumia Tullamore D.E.W., inapita juu ya mstari mzima. Mwisho ni krimu, inayomiminwa taratibu juu ya mgongo wa kijiko.

Nasema inamiminwa, si kupakuliwa. Hapo ndipo walipo tofauti na wengine. Krimu yao ni nzito kidogo kuliko maziwa, lakini bado inatiririka. Inatua juu ya kahawa na kutandaa yenyewe mpaka ukingoni, ikibaki tabaka jeupe la unene wa kidole, na mstari kati yake na kahawa umenyooka. Unakunywa bila kukoroga. Midomo inakutana na ubaridi na utamu laini wa krimu, na kahawa ya moto yenye wiski inapita chini yake. Krimu pia huziba mvuke wa pombe, ule unaochoma pua unapoinamia glasi ya wiski iliyotiwa moto. Ukikoroga, unapoteza vyote viwili kwa mpigo mmoja.

Kuna sababu ya wao kuijali krimu kiasi hiki. Kinywaji chenyewe kinatoka Ayalandi. Mpishi Joe Sheridan alikitengeneza miaka ya 1940 pale Foynes, katika kaunti ya Limerick, kilipokuwa kituo cha ndege zilizotua majini, kwa ajili ya abiria waliofika wakitetemeka kwa baridi. Stanton Delaplane, mwandishi wa safari wa gazeti la San Francisco Chronicle, alikionja huko Ayalandi, na mwaka 1952 yeye na mwenye Buena Vista, Jack Koeppler, wakaketi usiku kujaribu kukiiga. Ladha waliipata. Krimu ikawa inazama tu. Simulizi la hapa ni kwamba ufumbuzi ulitoka kwa George Christopher, mwenye biashara ya maziwa ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji hili: krimu ikae saa 48 kwanza, kisha ipigwe kidogo mpaka ifikie uzito unaofaa.

Nimejaribu mambo haya jikoni kwangu kwa muda mrefu, na naona ushauri ule ulikuwa na msingi. Krimu baridi isiyopigwa haina wepesi wa kutosha kuelea juu ya kahawa iliyotiwa wiski, kwa sababu joto na pombe vyote hukifanya kinywaji kilicho chini kuwa chepesi. Sukari husaidia kwa kuongeza uzito wa kile kilicho chini, na ndiyo maana anayeagiza bila sukari mara nyingi huona mpaka wa krimu ukififia mapema. Lakini kinachoamua ni hewa. Unapoipiga krimu unaingiza viputo vidogo sana, na chembe za mafuta hushikamana kuvizunguka na kuvizuia visitoroke. Chembe hizo hazishiki zikiwa na joto. Zinatakiwa ziwe zimeganda, na kwa hilo krimu inahitaji kukaa kwenye friji saa kadhaa, afadhali usiku kucha.

Nyumbani nafanya hivi. Natia mililita 100 za krimu baridi kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko, nusu tupu ili hewa ipate nafasi, na natikisa kwa nguvu. Mwanzoni inasikika ikichapa kuta kama maji. Baada ya nusu dakika hivi sauti inakuwa nzito, na hapo naacha. Nachota kwa kijiko na kuiachia idondoke: inayofaa huanguka kama utepe, inaacha alama juu ya uso kwa muda mfupi, kisha alama inapotea. Alama isipopotea, imepita kiasi. Bado inaokoleka, ongeza kijiko kimoja au viwili vya krimu ambayo haijapigwa na ukoroge polepole mpaka itiririke tena. Ikianza kuwa na chembechembe za manjano, hiyo inaelekea kuwa siagi, tumia kwa mkate.

Kwa glasi ya mililita 220 hivi, naipasha glasi kwa maji ya moto, natia vijiko viwili vya chai vya sukari, mililita 120 za kahawa kali, nakoroga mpaka punje zote ziishe, kisha mililita 40 za wiski. Kahawa isiwe inatokota. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo kahawa iliyotoka jikoni sasa hivi hurusha mvuke mkali na kuyeyusha krimu kwa chini. Mimi huiacha dakika moja au mbili. Nasubiri pia uso wa kahawa utulie baada ya kukoroga, kwani krimu inayomiminwa kwenye mzunguko huvutwa ndani. Mgongo wa kijiko unagusa kabisa uso wa kahawa, na krimu inashuka juu yake kidogo kidogo, kijiko kikipanda kadiri tabaka linavyojengeka.

Walio nyumbani wataniuliza krimu ya kununua. Soma pakiti, tafuta iliyoandikwa mafuta asilimia 35 au karibu na hapo. Krimu ya kupikia yenye asilimia 20 hata uitikise mpaka mkono uchoke haitashika hewa. Zile za mafuta ya mimea zinazopambia keki zinashika haraka mno na huacha utando kwenye kaakaa. Malai ya maziwa yaliyochemshwa, ninavyoyapenda kwenye chai, hapa hayafai, yamekwisha kuwa mabonge na yataacha madoa ya mafuta juu ya kahawa. Na usitumie kopo la kupuliza. Lina hewa nyingi kupita kiasi, juu ya kahawa ya moto linanywea na kugeuka povu lenye matundu.

Kahawa nayo ina chaguo lake. Kahawa yetu ya Kenya iliyokaangwa kidogo ina uchachu mzuri sana ikinywewa peke yake, ila nikiichanganya na wiski naona uchachu huo unatangulia kila kitu. Nachukua iliyokaangwa zaidi kidogo. Buena Vista kahawa yao ni ya kawaida, haina lolote la kusimulia, nami naona ndivyo inavyofaa.

Mgeni wangu mmoja alikuwa na mafua akataka hoti todi yenye krimu juu. Nilimkatalia kwa nia njema. Todi ni wiski, asali, limau na maji ya moto, yaani kama ile dawa ya tangawizi tunayokunywa Nairobi ikiongezwa kileo, na limau likikutana na krimu kwenye joto huikatisha. Nilimtengenezea todi tupu, akanywa akalala. Kwa asiyetumia kileo kabisa, krimu hii hii inakaa vizuri zaidi juu ya kahawa nyeusi yenye sukari, kwa kuwa hakuna pombe ya kuifanya kahawa iwe nyepesi. Mke wangu hunywa hivyo kila Jumapili na hakosi kitu.

Kasoro za Buena Vista zipo. Mchana wa wikiendi panajaa watalii hadi mlangoni, kelele ni nyingi, na kaunta ikizidiwa nimeona glasi zikisubiri mwenyewe mpaka mstari wa krimu unaanza kulegea. Bei ni ya eneo la watalii. Glasi ni ndogo, na wapo wanaolalamikia hilo. Mimi nalitetea: kikombe kikubwa kingepoa kabla hujafika nusu, na krimu ingekuwa imeyeyuka. Nawashauri wafike asubuhi siku ya kazi, wapate kiti kaunta, waagize moja, na wainywe papo hapo ndani ya dakika kumi. Ya pili iagizwe ya kwanza ikiisha, si pamoja. Na kahawa haiondoi ulevi, hukufanya tu ujione mzima. Shukeni na tramu, gari liacheni nyumbani.

Nawapa nyota tano kwa kinywaji, tatu kwa msongamano.