TAHADHARI: kijumbe wa mchezo wa Jumamosi amekimbia na hela zetu

Wale mliokuwa kwenye mchezo wetu mnamjua, sihitaji kumtaja. Wengine mjihadhari na dada mmoja mcheshi wa vitenge, daftari la bluu halimtoki kwapani.

Mchezo ulikuwa wa watu 20, elfu 50 kila Jumamosi, unapokea milioni. Mimi nilikuwa namba 8. Jumatano kabla ya zamu yangu akaja nyumbani, hata viatu hakuvua, akakaa kizingitini analia. "Shoga yangu, namba 16 mumewe yuko Muhimbili, wanataka hela ya upasuaji. Nakuomba mbadilishane." Nikasita. Akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Mwanaume akaongea kwa shida: "Dada, Mungu akulipe." Nani angekataa? Huyu ndiye aliyepika msibani kwa mama yangu siku tatu. Na mchezo wa mwaka jana wa elfu 20 alinipa hela yangu yote, tena asubuhi na mapema. Nikamwambia haya, mpe. Akanikumbatia, shetani yule!

Baada ya wiki ya 12 chumba kitupu, simu haipatikani. Ndipo tukatafutana, tukajikuta watu 12 tu. Yale majina mengine 8 ni lake na ya watu hewa, hata huyo mgonjwa. Na 7 kati ya hayo yalishapokea! Yaani kila Jumamosi alikusanya laki sita zetu. Zamu ikiwa ya hewa, anaweka mfukoni. Zamu ikiwa ya mtu wa kweli, anachomoa humo laki nne, anatimiza milioni, sisi tunapiga vigelegele. Waliopokea kweli ni watano. Ameondoka na milioni mbili na laki mbili. Kituoni wanatuuliza maandishi, na daftari kaondoka nalo.

Huyu afungwe! Atembezwe sokoni na daftari lake kichwani!

Dalili zilikuwepo. Hakutaka tukutane, hela anapitia mlango kwa mlango. Ukiuliza namba 5 ni nani, "yuko Tegeta, humjui". Akisema fulani kapokea, anakutumia ujumbe wa muamala, lakini umetoka kwenye namba yake mwenyewe, na ujumbe wa kunakili mtu anaubadilisha anavyotaka. Na kabla ya wiki ya kwanza dai orodha yenye namba za simu, uwapigie wote wewe mwenyewe, siyo akupigie yeye.

Na nyie watano mlionyamaza, mmetoa laki sita mmepokea milioni. Hiyo laki nne ya kila mmoja ni yetu sisi saba. Jumamosi tunakutana kwa mjumbe saa kumi, njooni nayo.