Vibao vya zahanati yetu: nimelipa hela, bibi kapandishwa ngazi bure

Jamani nina hasira hata sijui nianzie wapi. Mimi ndo msimamizi wa zahanati yetu, juzi kati tukawapa hawa watu wa matangazo kazi ya kutengeneza vibao, na siku ya pili tu baada ya kubandika nikamkuta bibi mmoja anayesumbuliwa na magoti kakaa ghorofani anahema, nje ya kliniki ya meno, na karatasi ya kupima damu mkononi. Nikamuuliza, bibi umefikaje huku? Akasema mshale umeniambia nipande.

Na kweli! Kibao cha maabara wamekibandika pembeni ya ngazi kabisa, mshale unaangalia juu. Wao walimaanisha nyoosha mbele, na ndivyo mshale wa juu unavyotumika kwenye vibao, ila ukiuweka mguuni pa ngazi nani ataelewa hivyo? Mtu anapanda. Kilitakiwa kikae mbele baada ya kuzipita ngazi, na cha kupanda ndo kiwe na mshale wa kulala mshazari na kimchoro cha ngazi.

Nikarudi dukani kwao, kijana wa kaunta bila hata kuniangalia ananiambia "mama sisi tunaprinti ulichotuletea". Shikamoo hakuna, pole hakuna! Hakuna mtu wao aliyekanyaga jengo letu kabla ya kuprinti, sasa mishale mliielekeza vipi?

Haya, haki yao niwape, majina tuliwaletea sisi. Getini tuliandika Maabara, kwenye korido Vipimo, mlangoni LAB, chumba kilekile kimoja, mgonjwa anadhani ni vitatu. Hilo kosa letu. Lakini hicho cha mlangoni wamekibandika kwenye ubao wa mlango wenyewe, na mlango ule asubuhi nzima uko wazi umelala ukutani, kibao hakionekani! Kiwekwe ukutani upande wa kitasa, usawa wa macho, mita moja na nusu hivi, na milango yote iwe hivyohivyo ili jicho lizoee pa kutazama.

Alokuja kuniokoa ni fundi wao mmoja mtu mzima, kaja na karatasi za A4 na gundi ya karatasi, tukaanzia getini kama wagonjwa, kila mahali unapolazimika kuchagua kushoto au kulia akabandika karatasi yenye mshale. Halafu tukamwita mama muuza matunda wa nje ambaye hajawahi kuingia, tukamwambia nenda maabara usiulize mtu, sisi nyuma tunamfuata. Aliposimama na kuangaza macho ndipo palipokosa kibao. Alisimama mara mbili tu, tukaongeza viwili, ndo vikaenda kuprintiwa upya.

Nilitaka kutoa nyota moja. Kwa ajili ya yule fundi natoa tatu, ukienda muulize yeye na umlete jengoni kwanza, ila wa kaunta bado sijamsamehe, na hela ya vibao vya mwanzo hawajarudisha mpaka leo.