Huduma ya kutafsiri majedwali: umbo lilifika salama, nukta na mikato zikanisumbua

Nilihitaji jedwali la vipimo vya pampu za maji litafsiriwe kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili, nikalipeleka kwa huduma ya kutafsiri nyaraka inayopokea faili la Excel na kukurudishia la aina hiyohiyo.

Kwa umbo la jedwali nawapa alama zote. Hakuna safu iliyohama, kichwa kilichounganisha seli kadhaa hakikuvunjika, na vinyota vya maelezo ya chini vilibaki kwenye seli zake. Vipimo navyo walivishika vizuri: kW, kg na l/h hawakuvigusa kwa kuwa vinaeleweka kote, ila U/min, ambacho ni kifupisho cha Kijerumani, wakakiandika "mizunguko kwa dakika". Ndivyo inavyotakiwa.

Shida ilikuwa kwenye tarakimu. Kijerumani hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, sisi tunafanya kinyume. Pampu moja ilikuwa na mtiririko wa 1.250 l/h, yaani lita elfu moja mia mbili na hamsini kwa saa. Faili liliporudi, seli hiyo bado ilikuwa 1.250, na kwa msomaji wetu hiyo ni lita moja na robo. Safu ya pembeni, ya kasi, ilionyesha 2,900 bila kasoro. Jedwali moja, kanuni mbili!

Nilichunguza nikaona chanzo. Safu ya kasi ilikuwa na namba halisi, na hizo Excel huzionyesha kwa kufuata mipangilio ya kompyuta inayofungua faili. Mtiririko ulikuwa umeandikwa kama maandishi, kwa hiyo haukubadilika, na mfasiri naye akauacha. Dalili inaonekana kwa macho: kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba hukaa kulia mwa seli na maandishi kushoto. Ukitaka uhakika, andika `=ISNUMBER(B4)`. Jibu likiwa FALSE, hayo ni maandishi. Kuyageuza, kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kiingereza:

```
=NUMBERVALUE(B4,",",".")
```

Hapo unaiambia Excel kwamba mkato ni desimali na nukta ni maelfu. Kipimo kikiwa kimeandikwa ndani ya seli hiyohiyo, kiondoe kwanza, la sivyo utapata kosa.

Seli za kuogopa zaidi ni zenye tarakimu tatu baada ya alama. Ukikuta 12,5 m utajua tu kuwa ni desimali, lakini 1.250 inasomeka kote kuwili na hakuna kitakachokushtua.

Niliwaandikia, wakarekebisha safu ile bila kudai malipo ya ziada. Nawapa nyota 3 kati ya 5, kwa sababu jedwali la vipimo lilipaswa kukaguliwa namba kwa namba kabla ya kunifikia. Nitawatumia tena, ila kwenye maelezo ya kazi nitaandika wazi: thamani ibaki ileile, alama zifuate utaratibu wa Kiswahili, hata kwenye seli za maandishi.